Tasnifu ya kusomwa kwenye simu: tanbihi ndizo za kupima kwanza

"Tasnifu yangu ya historia ina kurasa 214, picha 31 na tanbihi 163, na niliiandika kwa Word. Natamani wazee wa Mikindani walionipa masimulizi waisome kwenye simu zao. Je, niigeuze iwe EPUB, au ile PDF niliyowasilisha chuoni inatosha?"

Anayesema PDF inatosha ana hoja nzito. Maandishi yaliyopitishwa na watahini yako kwenye PDF, kila neno likiwa mahali pake, na mtafiti mwingine akiandika "uk. 84" msomaji wake ataukuta ukurasa huo ulivyo, leo na baada ya miaka 20. EPUB haina ukurasa wa namna hiyo. Ndani yake ni mafaili ya XHTML yaliyofungwa pamoja, na maandishi hujipanga upya kufuata upana wa kioo na ukubwa wa herufi aliouchagua msomaji. Kinachokuwa ukurasa wa 84 kwangu kinaweza kuwa wa 130 kwa mwenye macho mazito.

Hoja ya upande wa pili inaanzia kwenye hesabu ndogo. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, na kioo cha simu ya kawaida kina takriban sentimita 7, kwa hiyo ukurasa mzima ukionekana kwenye simu umepunguzwa mara 3, na herufi ya pointi 12 imebaki kama ya pointi 4. Msomaji atalazimika kuukuza ukurasa, kisha auburure kushoto na kulia kwa kila mstari. Tanbihi iko chini kabisa ya ukurasa, kwa hiyo anayetaka kuisoma huburura mpaka chini, halafu arudi juu kuutafuta mstari aliouacha. Nimemwona mzee mmoja akifanya hivyo mara mbili. Mara ya tatu aliziacha tanbihi, na ndani ya tanbihi hizo mlikuwa na majina ya wenzake waliohojiwa.

Mimi niliwahi kugeuza tasnifu ya binti wa dada yangu inayohusu nyumba za zamani za Mikindani, na nitaitumia kama mfano kwa sababu makosa yake ni yale yale yanayokutwa katika tasnifu nyingi. Nilitumia programu ya Pandoc, ambayo haiuzwi, kwa amri hii:

```
pandoc tasnifu.docx -o tasnifu.epub --toc-depth=2
```

Kitabu kilitoka baada ya sekunde chache, na kilikuwa sura moja ndefu isiyo na orodha yoyote ya kurukia. Sababu ni kwamba vichwa vyote vilikuwa aya za kawaida zilizokolezwa na kukuzwa herufi. Jicho linaviona kuwa vichwa, lakini programu huangalia jina la mtindo tu, yaani `Heading 1` kwa sura, `Heading 2` kwa sehemu, na kuendelea. Nilipokipa kila kichwa mtindo wake, likajitokeza kosa la pili: "SURA YA TATU" ilikuwa mstari mmoja na "UJENZI WA MATUMBAWE" mstari mwingine, kila mmoja ukiwa aya inayojitegemea, hivyo orodha ikaonyesha sura mbili, ya kwanza ikiwa tupu. Tiba ni kuiunganisha mistari hiyo iwe kichwa kimoja. Ukurasa wa Yaliyomo uliochapwa kwa mkono, wenye nukta na namba za kurasa, unafutwa, kwa kuwa EPUB hujitengenezea orodha yake yenye viungo.

Jambo moja zaidi kuhusu vichwa linawaponyoka wengi. Kama namba za sehemu, mathalani 4.2, ziliwekwa na Word yenyewe kwa orodha ya ngazi, namba hizo si sehemu ya maandishi na zinaweza zisionekane ndani ya EPUB, ilhali mwandishi ameandika mahali pengi "kama ilivyoelezwa katika 4.2". Pandoc inaweza kuziweka upya ukiongeza `--number-sections` kwenye amri, lakini ukifanya hivyo kwenye tasnifu ambayo namba zake zilichapwa kwa mkono, kila kichwa kitapata namba mbili. Fungua sura moja uitazame kabla ya kuendelea.

Picha hazina ugumu mkubwa, isipokuwa katika mambo machache. Picha za simu zenye upana wa pikseli 4,000 hufanya faili kuwa zito bila faida yoyote. Ukizipunguza hadi pikseli 1,400 hivi bado zitaonekana vizuri, na mtu hatamaliza bando lake kwa kupakua kitabu kimoja. Picha za kamera zibaki JPEG, michoro ya mistari iwe PNG. Chati zilizotengenezwa ndani ya Word hazihesabiwi kuwa picha. Pandoc huacha neno `[CHART]` mahali pake na kuendelea kama hakuna kilichotokea, kwa hiyo kila chati ihifadhiwe kwanza kama picha. Ramani ndizo za kuangaliwa zaidi. Ramani ya ghuba ya Mikindani katika tasnifu ile ilikuwa na maandishi "Skeli 1:50,000", na skeli ya namna hiyo inakuwa uongo mara tu ramani inapobanwa ifae kioo. Skeli ya mstari uliogawanywa kwa kilomita haina tatizo hilo, kwa kuwa hubanwa pamoja na ramani yenyewe. Maneno kama "picha iliyo kulia" nayo hayana maana tena, yaandikwe "Picha 3.2".

Tanbihi ndizo zinazoamua kama kazi hii ina maana. Zikiwa zimewekwa kwa chombo cha tanbihi cha Word (Alt+Ctrl+F), Pandoc huzitambua na kuzifunga kwa viungo viwili, kimoja cha kwenda na kingine cha kurudi, na ndani ya faili huonekana hivi:

```
<a href="#fn12" class="footnote-ref" id="fnref12"
   epub:type="noteref">12</a>
```

Programu ya kusomea inayoielewa alama hiyo ya `noteref`, kama Apple Books, hufungua kidirisha kidogo chenye tanbihi bila kumtoa msomaji mahali alipo. Nyingine humpeleka mwisho wa sura, na hapo kiungo cha kurudi ndicho kinachomwokoa. Kama mwandishi alichapa namba ndogo kwa mkono na kuandika maelezo chini ya mstari aliouchora mwenyewe, hakuna kiungo hata kimoja, na maelezo hayo yatachomoza katikati ya aya kama maji yaliyokosa mfereji. Hapo hakuna njia ya mkato: zitawekwa upya moja moja.

Ili kujua kama zimesalimika zote, soma namba ya tanbihi ya mwisho katika Word, kisha fungua EPUB kwa programu ya Sigil na uihesabu alama ya `epub:type="noteref"` katika mafaili yote. Idadi mbili hizo zilingane. Katika kazi yetu Word ilisema 118 na Sigil ikahesabu 116; mbili zilikuwa zimepotea njiani. Programu ya `epubcheck`, ambayo hukagua kama faili limefuata kanuni, haikulalamika hata kidogo, maana yenyewe haijui kilichokuwamo kabla.

Hata hivyo, kiungo kinachofanya kazi si sawa na tanbihi inayosomeka. Katika karatasi, tanbihi ya 57 inayosema "Kama hapo juu, uk. 41" inaeleweka kwa sababu ya 56 iko juu yake. Ndani ya kidirisha iko peke yake, na msomaji anabaki kujiuliza juu ya nini. Tanbihi zetu 118 zilikuwa na 39 za namna hiyo. Tanbihi iliyoandikwa "Tazama tanbihi ya 23" nayo inapotosha endapo namba zimeanza upya katika kila sura, kwa kuwa Pandoc huigawa tasnifu sura kwa sura na kuweka tanbihi mwishoni mwa kila faili. Ili zisomeke, kila moja lazima ijitegemee: jina la mwandishi au la aliyehojiwa, jina fupi la chanzo, ukurasa.

Na hapa ndipo mtetezi wa PDF anaporudi na hoja yake bora kuliko zote. Ukiandika upya tanbihi 39, ukarekebisha "picha iliyo kulia" na ukaondoa skeli ya ramani, matini uliyo nayo si ile iliyopitishwa na watahini. Mtu akiinukuu atakuwa amenukuu kitu kisichokuwemo maktabani. Sidhani hoja hii inajibika kwa kusema mabadiliko ni madogo. Anayesoma kwa mbali hana namna ya kuujua udogo wake.

Kuna njia ya kupunguza pengo, nayo ni kuweka alama za kurasa za PDF ndani ya EPUB. Kanuni za EPUB 3 zina alama maalumu ya `pagebreak` pamoja na orodha ya kurasa, lakini si kila programu ya simu huionyesha. Sisi tuliandika namba ndogo ndani ya mabano ya mraba, [84], pale ukurasa unapoanzia katika PDF. Hazipendezi sana machoni, lakini kila simu inazionyesha. Kwa kurasa 160 na kitu kazi hiyo ilitumia jioni mbili, na kuandika upya tanbihi kulitumia jioni tatu. Vichwa na picha vilikwisha siku moja.

Kwa hiyo, ndugu, ningeigeuza, kwa sababu wasomaji uliowataja wana simu na hawana kompyuta, na kwa sababu tasnifu yako ni ya masimulizi. Ingekuwa ya hisabati, au yenye majedwali mapana ya safu 9 kila baada ya kurasa mbili, ningekushauri uiache PDF kama ilivyo. Lakini kabla ya kufungua Pandoc, hesabu ni tanbihi ngapi kati ya zile 163 zinasema "kama hapo juu". Zikipita nusu, anza na sura moja inayowahusu zaidi wazee hao, uwapelekee, kisha uangalie kama wanazigusa namba za tanbihi au wanazipita. Na katika ukurasa wa kwanza, kabla ya Shukrani, weka sentensi mbili: kwamba hii ni nakala ya kusomea iliyorekebishwa tanbihi na vielelezo, na kwamba anayenukuu atumie nakala ya PDF iliyoko maktabani, akifuata namba zilizo kwenye mabano.