Kabla ya kukubali kurusha mazishi YouTube na Facebook kwa pamoja

Saa moja na nusu asubuhi, katika boma moja nje kidogo ya Luanda, Vihiga, nilisimama kando ya hema nikapima mtandao kwa modemu yangu ya 4G. Kasi ya kupakia ilikuwa megabiti 12.4 kwa sekunde. Wafiwa walikuwa wameomba mazishi ya mama yao yarushwe moja kwa moja YouTube na Facebook kwa wakati mmoja, kwa sababu binti mkubwa yuko Marekani na wenzake wamezoea YouTube, nao wajukuu walio Qatar hawatoki Facebook. Nikapiga hesabu. Picha ilitaka kilobiti 4,500 kwa sekunde na sauti 160, jumla 4,660. Kwa majukwaa mawili inakuwa 9,320, yaani megabiti 9.3. Kumi na mbili inaishinda tisa. Nikamwambia mwenyekiti wa kamati, "Tuko sawa, mzee."

Hatukuwa sawa. Saa tano gari la maiti liliingia kutoka mochari, nyuma yake mabasi na matatu za waombolezaji. Dakika kumi baadaye kile kiraka cha kijani chini ya dirisha la OBS, programu ninayorushia matangazo, kikawa manjano, kisha chekundu. Nilifungua paneli ya takwimu na kwenye mstari wa `Dropped Frames (Network)`, unaohesabu fremu zilizopotea njiani, nikasoma `9806 / 72000 (13.6%)`. Wakati huo binti wa marehemu alikuwa akimpigia kaka yake simu: wasifu wa mama yao unasomwa, na yeye anasikia neno moja, anakosa matatu. Wasifu husomwa mara moja tu. Nilikuwa na nakala safi kwenye kamera na nikawapa siku ya pili, lakini hiyo si sawa na kuwa pamoja na wenzako saa ile.

Tangu siku hiyo nina msimamo, na huusema mbele ya kamati kabla hata ya kutaja bei. Sikubali majukwaa mawili mpaka nimepima kasi ya kupakia mahali penyewe, wakati watu wamejaa, na kipimo cha chini kabisa nilichopata kimebeba jumla ya mitiririko yote na nafasi ikabaki. Isipofika, nachagua njia nyingine. Kuigawa picha mara mbili kwa matumaini sitarudia.

Wengi wetu tunaofanya kazi hii huku magharibi tunakosea mahali palepale. Tunadhani kuongeza jukwaa la pili ni kama kuongeza spika ya pili kwenye amplifaya ileile. Kile kiongezo cha OBS cha kurusha kwingi kinachangia dhana hiyo, kwa sababu laptopu haichoki zaidi: picha inasimbwa, yaani inabanwa iwe data ya kutumwa, mara moja, kisha nakala ileile inatumwa huku na kule. Ukiangalia prosesa unaona imetulia, unaridhika. Lakini kwenye modemu nakala hizo ni mizigo miwili kamili, kila mmoja na safari yake. Kilobiti 4,660 kwenda huku, kilobiti 4,660 kwenda kule. Na bando nalo linakwenda mara mbili: megabiti 9.3 kwa sekunde ni takriban gigabaiti 4.2 kila saa, na mazishi ya kwetu hayaishi kwa saa moja.

Sasa kile kipimo cha asubuhi. Kilinidanganya kwa njia mbili.

Ya kwanza ni mnara. Kwenye 4G, upande wa kupakia ndio dhaifu. Mnara una nguvu ya kukurushia data, lakini modemu yako inajibu kwa nguvu ndogo, kama wati 0.2 tu, na nafasi ya kupakia mnajigawia wote mlio chini ya mnara huo. Asubuhi nilikuwa peke yangu na wapishi. Saa tano kulikuwa na mamia ya watu, kila mmoja na simu, wengi wakituma picha za jeneza na video za kwaya kwenye vikundi vya WhatsApp. Nilipopima tena katikati ya fujo, nilipata megabiti 5.1. Mitiririko yangu ilikuwa inataka 9.3.

Ya pili ni kipimo chenyewe. Tovuti za kupima kasi hufungua njia kadhaa kwa pamoja kuelekea seva iliyo karibu, kwa sekunde chache, ili zikuonyeshe kilele. Mtiririko wa OBS hutumia njia moja kwa kila jukwaa, kwa saa nyingi, na seva inayoupokea huenda iko mbali sana. Ndiyo maana sipimi tena kwa kubofya kitufe kimoja. Ninatumia programu ya `speedtest-cli` kwenye laptopu, nikiilazimisha itumie njia moja tu na iache upande wa kushusha, kisha irudie kila baada ya dakika tano:

```
for i in 1 2 3 4 5 6; do
  speedtest-cli --secure --no-download --single --simple
  sleep 300
done
```

Namba sita zikitoka, sichukui wastani. Nachukua ndogo kuliko zote, kwa sababu mtazamaji hatazami wastani. Anatazama ile dakika mbaya. Kisha natumia asilimia 70 tu ya hiyo ndogo. Wengine huniambia hiyo ni woga. Asilimia 30 inayobaki ndiyo inayobeba vichwa vya pakiti, pakiti zilizopotea ambazo lazima zitumwe tena, na yale mawimbi ya mnara ya sekunde mbili tatu ambayo hakuna kipimo kinachoyakamata. Katika ile siku ya Luanda, asilimia 70 ya 12.4 ni 8.7. Kwa maana hiyo hata asubuhi, boma likiwa tupu, 9.3 haikuwa inatosha.

Kuna jambo moja dogo ambalo sikulijua mpaka jioni. Kijana mmoja wa kamati aliniomba nenosiri la modemu "atume ujumbe mmoja tu". Nilipofungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa nikakuta simu saba, na mojawapo ilikuwa inahifadhi picha zake zote kwenye mtandao. Siku hizi nenosiri simpi mtu, hata akiwa mchungaji, na nabadilisha kila baada ya kazi.

Utajuaje kama tatizo ni mtandao au ni laptopu? OBS inatofautisha yenyewe. `Dropped Frames (Network)` ikipanda, njia ya kupakia imejaa. `Skipped frames due to encoding lag` ikipanda, laptopu ndiyo imeshindwa kusimba, na hapo kupunguza kilobiti peke yake hakutakuokoa. Ila ukitumia kiongezo cha kurusha kwingi, usiamini mstari wa chini peke yake, kwa sababu unasema habari za jukwaa kuu tu. La pili liangalie kwenye paneli ya kiongezo na kwenye simu iliyo na laini ya mtandao mwingine. Mitiririko miwili ikigombania njia moja nyembamba, haigawani sawa. Unaweza kuona mmoja unatembea vizuri na mwingine unasuasua, ukadhani jukwaa moja lina hitilafu, kumbe ni wewe umejaza bomba.

Wiki mbili baadaye nikapata kazi Ugunja, Siaya, ombi lilelile la majukwaa mawili. Safari hii nilifika Ijumaa, nikapima usiku wakati wa mkesha. Mkesha ndio wakati pekee kabla ya mazishi ambapo umati na simu zao wako mahali penyewe, na hakuna anayenitegemea bado. Kuanzia saa tatu na nusu usiku nilipata 6.3, 5.8, 4.9, 5.5, 4.7 na 5.2. Ndogo ni 4.7, na asilimia 70 yake ni 3.3. Hiyo ndiyo iliyokuwa bajeti yangu yote.

Nikakaa na mwenyekiti kando ya moto. Nikamweleza kwamba picha ya 720p kwa kilobiti 2,500, pamoja na sauti 128, ni 2,628 kwa jukwaa moja, na mawili ni 5,256. Haipiti. YouTube hupendekeza zaidi ya 2,500 kwa picha ya ukubwa huo, lakini kwa watu wanaozungumza wakiwa wamesimama chini ya hema, naiona inatosha. Kwaya ikianza kucheza ndipo utaona ukungu kidogo.

"Basi tufanyeje, kijana wangu? Hawa wajukuu wetu wa Doha wameshaambiwa Facebook."

Nilikuwa na njia mbili za kweli. Kushusha kila mtiririko hadi 1,500 na sauti 128, jumla ya yote miwili 3,256, ambayo inaingia kwenye bajeti kwa kubana sana, na picha inakuwa hafifu kwa wote. Au kutuma mtiririko mmoja wa 2,628 kwa huduma ya kugawa mitandaoni, ambayo ndiyo inayopeleka nakala moja YouTube na nyingine Facebook kwa mtandao wao wenyewe. Njia hiyo ina gharama yake: unalipia huduma, matangazo yanachelewa sekunde kadhaa zaidi, na huduma ikianguka, majukwaa yote mawili yanazima pamoja. Lakini kutoka kwenye boma unabeba mzigo mmoja tu. Nilimwambia ningechagua hiyo, naye akaniuliza bei, akatikisa kichwa kukubali.

Usiku uleule nilifanya jaribio la kweli, dakika ishirini, YouTube ikiwa ya faragha na Facebook ikiwa inaonekana kwangu peke yangu. OBS niliiweka kwenye CBR, yaani kilobiti zisizobadilika, kwa hiyo kamera iliyoelekezwa kwenye viti vitupu ilituma kilobiti zilezile ambazo ingetuma kwaya ikicheza. Ukitumia VBR, ambayo hupunguza kilobiti picha ikitulia, viti vitupu vitakupa jibu zuri la uongo.

Katika ukumbi wa Kisumu mjini wenye fiba hesabu hii mara nyingi inapita bila shida, mradi umechomeka waya kwenye rauta badala ya kutumia waifai ya wageni wote. Hapo nakubali majukwaa mawili moja kwa moja kutoka OBS. Bado napima.

Jumamosi, Ugunja, gari la maiti lilifika saa nne na nusu. Nilikuwa nikitazama paneli ya takwimu kuliko nilivyotazama kamera. Kiraka kilibaki kijani, isipokuwa mara moja kilipogeuka manjano kwa pumzi moja wakati watu waliposogea kumuaga marehemu, na hadi saa tisa fremu zilizopotea hazikuwa zimefika nusu ya asilimia moja. Katikati ya ibada mwenyekiti alikuja na simu yake mkononi. Mjukuu wa Doha alikuwa ameandika: nguzo ya hema inamziba shangazi aliye mwisho wa mstari wa kwaya, tafadhali mwambie wa kamera asogee. Nikaisogeza hatua mbili kushoto.