Jibu lisiloeleweka lisigeuzwe kuwa alama

Zahanati na kliniki nyingi sasa humtumia mgonjwa ujumbe mfupi wa simu saa chache baada ya kuhudumiwa, zikimwomba aipe huduma alama kuanzia 1 hadi 5. Nauunga mkono utaratibu huu. Ninachopinga ni tabia ya mifumo mingi kulazimisha kila jibu liwe tarakimu, hata pale mgonjwa alipoandika jambo jingine kabisa.

Chukua mfano wa mgonjwa anayejibu hivi: "Nilifika saa 5 nikaonwa na daktari saa 8." Mfumo uliopangwa kuokota tarakimu ya kwanza inayoangukia kati ya 1 na 5 utaandika alama 5, yaani nzuri sana, ilhali mtu huyo analalamika kwamba alikaa kwenye benchi saa tatu. Kosa hili halionekani kwenye ripoti, kwa sababu tano hiyo inafanana na tano nyingine zote. Ndiyo maana nashauri mfumo ukubali moja kwa moja jibu lenye tarakimu peke yake, na majibu mengine yote yapelekwe kando yakasomwe na mtu:

```
^\s*[1-5]\s*$
```

Kanuni hii itayaweka kando hata majibu yasiyo na utata, kama "tano" au "5/5", lakini hayo msomaji atayapa alama mara moja bila kumsumbua mgonjwa. Jambo la lazima ni kwamba maneno ya awali yahifadhiwe kama yalivyoandikwa, kando ya alama, ili uamuzi wa msomaji uweze kukaguliwa baadaye.

Utata mgumu zaidi uko kwenye 1. Sisi tumezoea kwamba aliyeshika namba moja darasani ndiye bora, na tunasifu kitu kwa kusema ni namba moja. Haishangazi basi kupokea jibu kama "1 Mungu awabariki wauguzi". Hapo tarakimu inasema mbaya sana na maneno yanasema kinyume. Wasimamizi wengine huamua kufuata tarakimu kwa hoja ya kutopendelea, lakini kwa maoni yangu huko ni kumwekea mgonjwa maneno mdomoni. Tena majibu ya aina hii yanafichua jambo kubwa zaidi: ikiwa wengi wa walioandika 1 pamoja na maneno wanasifu, basi hata zile 1 zilizokuja peke yake, ambazo kanuni imezipokea bila swali, haziaminiki. Dawa yake ni kurekebisha ujumbe wenyewe, kila tarakimu iwe na maana yake:

```
Asante kwa kufika kliniki leo. Huduma ilikuwaje? Jibu tarakimu tu: 1=mbaya sana 2=mbaya 3=wastani 4=nzuri 5=nzuri sana. Kujibu ni bure.
```

Ujumbe huu haufiki herufi 160, kwa hiyo unatozwa kama ujumbe mmoja. Ukiongezewa picha ya uso unaotabasamu, kikomo hushuka hadi herufi 70 na gharama huongezeka. Vilevile hautaji ugonjwa wala idara, kwa kuwa simu nyingi hushikwa na zaidi ya mtu mmoja. Na utumwe kutoka namba inayoweza kupokea majibu, si jina la kliniki peke yake, ambalo haliwezi kujibiwa.

Kwa jibu lenye utata wa kweli, kama "4 au 2" au "10", mgonjwa aulizwe tena mara moja tu, na swali la pili liache tarakimu kwa kuwa ndizo zilizoleta utata: "Samahani, hatukuelewa jibu lako. Huduma ilikuwa NZURI, WASTANI au MBAYA?" Asipojibu, jibu lake libaki katika fungu la yasiyoeleweka. Yule wa saa 5 hadi saa 8 asiulizwe alama kamwe, kwani amekwisha kueleza kilichomkera. Anachostahili ni kupigiwa simu na mhudumu.

Kuyatupa majibu hayo nako si suluhisho. Tuseme yamekuja majibu 40, ambapo 30 yako wazi na wastani wake ni 4.2, na 10 hayaeleweki. Kama hayo 10 ni malalamiko ambayo yangestahili alama 2 kila moja, wastani halisi ni 3.65. Kwa hiyo ripoti inayotaja 4.2 peke yake ina kasoro. Iandike kwamba wastani huo umetokana na majibu 30, kwamba 10 hayakueleweka, na iyaambatishe maneno ya hayo 10 bila majina wala namba za simu, ili mganga mfawidhi ayasome mwenyewe.