Jumla sifuri, pesa zote hizi?

Hivi jamani nani kawatuma kuandika "TSh" ndani ya kisanduku cha hesabu? Leo nimevuta faili la Excel la mauzo ya duka letu hapa Chake, safu 412, nikapiga SUM, jibu 0! Sifuri! TSh 1,250,000 iko pale inanitazama, chini yake TSh 85,000, halafu jumla sifuri wallahi nilitaka kulia.

Ukitaka kujua mapema, tazama namba zimelalia wapi. Zikijibana kushoto ni maandishi hayo, SUM inazipita tu wala haikwambii kitu. Zichague zote utazame chini ya Excel, utaona Count peke yake, Sum hamna.

Haya, nikafuta TSh, nikafuta koma, bado VALUE inanipa #VALUE!, kumbe baada ya TSh kuna nafasi ya kichawi, CHAR(160), ambayo hata TRIM haiiondoi! Saa nzima imekwenda na maji. Iliyoniokoa hii:

```
=VALUE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B2,"TSh",""),",",""),CHAR(160),""))
```

Nyie mnaotengeneza mifumo, tupeni 1250000 kavu, TSh tutaibandika wenyewe!