Soda ya zero na chapati ya pili

Shemeji yangu anauza vipuri vya pikipiki Mwanjelwa, hapa Mbeya, na kwa miaka mingi siku yake haikukamilika bila soda mbili: moja saa nne asubuhi, nyingine ya kushushia wali mchana. Mwezi wa pili akahamia zero, soda isiyo na sukari inayotiwa utamu bandia. Mwezi wa tano akapanda mizani, uzito ukawa ule ule. Akanipigia simu kwa hasira: "Shemeji, hizi zero ni utapeli!"

Nikamfuata kibandani tukahesabu. Soda ya kawaida ina sukari gramu 10 na ushee katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 ina kama gramu 37, na kila gramu ya sukari ni kalori 4. Chupa moja basi ni karibu kalori 150, mbili ni 300. Zero haina hizo kalori, kwa hiyo kweli alikuwa anaokoa 300 kila siku. Zimekwenda wapi?

"Siku hizi saa nne nakula chapati mbili badala ya moja," akasema. "Si nimeacha sukari?"

Chapati za jirani yake ni za kushiba. Unga gramu 60 ni kalori 210 hivi, mafuta gramu 10 ni 90. Jumla 300. Chapati ya pili ilikuwa imemeza soda zote mbili.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaozisifu zero na wanaozilaani. Kinywaji hicho hakiyeyushi mafuta ya mtu yeyote. Kinachofanya ni kuondoa sukari ambayo ungeinywa, basi. Uholanzi waligawia watoto 641 kinywaji cha mililita 250 kila siku kwa miezi 18, wengine chenye sukari, wengine chenye utamu bandia, bila wao kujua nani anakunywa kipi. Matokeo yalitoka 2012: wa utamu bandia waliongezeka uzito pungufu kwa kama kilo moja. Kilo moja, kwa mwaka na nusu. Si muujiza, lakini ipo. Na wale walikuwa watoto waliozoea soda. Asiyekunywa soda hana cha kuokoa akianza zero leo.

Mbona basi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitegemee utamu bandia kupunguza uzito? Kwa sababu majaribio ya muda mfupi yalionyesha uzito kupungua kidogo, lakini watu waliofuatiliwa kwa miaka mingi walionekana kinyume: wanaotumia sana ndio walionenepa na kupata kisukari zaidi. Shirika lenyewe liliita ushauri huo wa masharti, yaani usio na uhakika kamili, maana nani hasa hukimbilia zero? Mara nyingi ni yule ambaye tayari kiuno kimeanza kumsumbua. Ukihesabu wenye fimbo za kutembelea utakuta wengi wana magoti mabovu, lakini fimbo haikuyaharibu. Inawezekana utamu bandia nao una lawama yake, ila kwa kufuatilia watu tu ni vigumu kutenganisha.

Ushauri huo pia haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Na kwa hao nina neno moja, hasa wanaochoma insulini: sukari ikishuka ghafla, ukaanza kutetemeka na kutokwa jasho, zero haikusaidii kitu. Hapo tafuta soda yenye sukari, upesi.

Kuhusu saratani, kelele zilikuwa kubwa Julai 2023, aspatame, utamu bandia wa zero nyingi (ile E951 kwenye lebo), ilipowekwa kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Kundi hilo linapima nguvu ya ushahidi, na hapa ushahidi ulikuwa mdogo. Halisemi ukinywa kiasi gani utadhurika. Wanaopima kiasi waliacha kikomo pale pale: miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kopo likiwa na miligramu 200 hadi 300, mtu wa kilo 70 anahitaji kupita makopo 9 hadi 14 kwa siku ili avuke. Simjui wa hivyo, hata kwenye harusi za kwetu.

Tukarudi kwa shemeji. Wakati nafunga daftari, binti wa chai akapita na chupa yake. Baridi ya Mbeya unaijua. Shemeji akachota sukari vijiko vitatu vilivyojaa, kama gramu 15, kalori 60.

"Unakunywa vikombe vingapi kwa siku?"

"Vinne. Kukiwa na ukungu, vitano."

Nikafungua daftari tena. Akaangalia kikombe, akaangalia zero yake iliyokuwa mezani, akacheka peke yake. Chapati amerudi kwenye moja, na kijiko cha chai ameanza kukipiga wembe. Zero anaendelea nayo, kwa sababu anaipenda.