Kabro Kwenye Picha za 3D Zisitandazwe Kama Zulia

Juzi nilioneshwa picha ya 3D ya nyumba ambayo bado haijajengwa. Ukuta ulikuwa umechorwa kwa uangalifu na kivuli cha mwembe kilianguka mahali pake, lakini kwenye njia ya gari kila kabro ilikuwa ndefu kuliko tairi la gari lililoegeshwa juu yake. Nilikasirika kwa niaba ya mteja, kwa sababu amelipia picha isiyomwonyesha uwanja atakaoupata.

Kosa huanzia kwenye kipimo. Kabro ya kawaida ya mstatili ina urefu wa milimita 200 na upana wa milimita 100. Tuchukue njia yenye upana wa mita 4 na urefu wa mita 12, na picha ya kabro ambayo mchoraji huibandika juu ya njia hiyo kwenye kompyuta, inayoonyesha eneo la mita 2 kwa 2. Picha hiyo inapaswa kurudiwa mara 2 kwa upana na mara 6 kwa urefu. Mchoraji akiivuta ifunike njia nzima kwa mara moja, kabro iliyolala kuelekea urefu wa njia hugeuka bamba la milimita 1,200 kwa 200.

Kinachoniumiza zaidi ni maungio, ambayo wengi huyachora kuwa mistari myeusi iliyo sawa kila upande. Fundi huacha nafasi ya milimita 2 hadi 5 kati ya kabro, kisha hufagilia mchanga mkavu na laini hadi nafasi hizo zijae, kwa hiyo rangi ya maungio ni ya mchanga. Weusi tunaouona ni kivuli cha kingo za kabro, na kivuli hufuata jua. Jua la asubuhi likiwa chini upande wa mashariki, maungio yanayokwenda kaskazini na kusini huwa na kivuli, ilhali yanayokwenda mashariki na magharibi karibu hayana. Rangi peke yake haiwezi kuonyesha tofauti hiyo; lazima uso wa kabro upewe kina halisi.

Mawe ya kuchonga ya mitaa ya zamani ya Ulaya yana maungio mapana zaidi na migongo ya mviringo, na hapo nakubali kwamba mstari mzito unaweza kupita.

Uchakavu nao uwekwe kwenye tabaka lake, usichanganywe na picha inayorudiwa, la sivyo doa lilelile la oili litatokea kila baada ya mita 2. Tairi hupita palepale kila siku, kwa hiyo kuwe na michirizi miwili iliyosuguliwa; oili idondoke pale injini inaposimama, udongo mwekundu uwe mwingi karibu na geti, na kuvu ya kijani ikae kivulini tu. Pembeni, kabro zilizokatwa ziishie kwenye ukingo wa zege, kwa kuwa bila ukingo huo kabro za mwisho husogea na mchanga wa maungio humwagika.