Cheti unachokiona kwenye brauza si cha seva yako tena

Watu wengi wakishaweka CDN mbele ya saiti wanafungua brauza, wanaona https haina onyo lolote, basi wanafunga laptopu. Mi naona hapo ndo pa kuanza kuwa na wasiwasi.

Upande wa DNS hauna maneno mengi. Zamani `www` ilikuwa na rekodi ya A yenye IP ya seva yako, sasa inakuwa CNAME inayoelekea kwenye jina ulilopewa na CDN, au wao wenyewe wanajibu kwa IP zao. (Jina kuu lisilo na `www` haliwekwi CNAME ya kawaida, maana tayari lina SOA na NS, kwa hiyo tafuta ALIAS au kitu cha namna hiyo.)

Cheti ndo kina mambo. Zamani muunganiko ulikuwa mmoja, saa hizi iko miwili: mgeni hadi CDN, halafu CDN hadi seva yako, na kila mmoja una cheti chake. Brauza inaona kile cha kwanza tu.

Sasa chukulia cheti cha Let's Encrypt kilichotolewa tarehe 10 Februari, kinadumu siku 90, yaani mpaka 11 Mei. Machi ukahamisha DNS. Kama programu yako ya kurenyuu cheti ilikuwa inathibitisha kwa TLS-ALPN-01, kuanzia Aprili inajaribu kurenyuu na inagonga mwamba kila siku, kwa sababu ombi la uhakiki linafuata DNS na TLS inaishia kwa CDN, seva yako haiguswi kabisa. Na hakuna anayeshtuka, kwani cheti cha mbele kinang'aa tu! Ikifika 11 Mei, kama CDN inakagua cheti cha seva, wageni wanakutana na erori, kwa Cloudflare ni 526. Kama haikagui, saiti inaendelea kama kawaida na cheti kimeoza huko nyuma, na hiyo kwangu ni mbaya zaidi.

Kuangalia ukweli, ruka CDN uulize seva yenyewe kwa IP yake:

```
openssl s_client -connect 203.0.113.10:443 \
  -servername www.example.com </dev/null \
  | openssl x509 -noout -issuer -enddate
```

Tarehe ya `notAfter` hapo ndo ya kuwekea alamu, si ile ya kwenye brauza.

Msimamo wangu: hamia DNS-01, uhakiki unapita kwenye rekodi ya TXT ya `_acme-challenge` na CDN haihusiki, halafu washa ukaguzi mkali. Ile modi ya Cloudflare inayoitwa Flexible, ambapo CDN inaongea na seva kwa http tupu, mi siigusi. Mgeni anaambiwa yuko salama wakati nusu ya njia iko wazi, na seva yako ikiwa inasukuma http kwenda https wanazungushwa mpaka brauza inakata tamaa na `ERR_TOO_MANY_REDIRECTS`.