Ukishamshuku Mwanafunzi, Insha Haikusaidii Tena

Msahihishaji anayemtilia shaka mwanafunzi kwamba kazi zake si zake, hata kabla ya kufungua insha yake, hujituliza kwa wazo moja: hata kama shaka hiyo si ya haki, insha yenyewe itamwonyesha ukweli. Atasoma, ataona, atajua. Mimi siamini hivyo hata kidogo. Kwa maoni yangu, kusoma ndiko kunakoipa shaka mizizi. Aliyesikia tetesi tu bado anaweza kugeuzwa. Aliyesikia tetesi kisha akasoma kurasa nane huku akizikumbuka ndiye asiyegeuzika, kwa sababu sasa anaamini ameona kwa macho yake.

Mwaka 1983 wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, John Darley na Paget Gross, walichapisha jaribio ambalo ningependa kila anayeshika kalamu nyekundu alijue. Waliwaonyesha watu video ya msichana wa darasa la nne aliyeitwa Hannah. Wengine walimwona akiwa katika mtaa wa watu wenye nazo, wengine katika mtaa wa watu wa hali ya chini. Kwa baadhi yao video iliishia hapo, na walipoulizwa uwezo wake darasani walisita kumhukumu: wengi walimweka karibu na kiwango cha darasa lake, wawe walimwona tajiri au maskini. Lakini kulikuwa na waliopewa sehemu ya pili, iliyokuwa ileile kwa wote, Hannah akijibu maswali ya mtihani. Majibu yake hayakueleweka vizuri: mara anapata swali gumu, mara anakosa jepesi. Hapo ndipo hukumu zilipoachana. Waliomdhania tajiri walisema yuko juu ya darasa lake, waliomdhania maskini wakasema yuko chini, na kila upande ulitaja mambo ya kwenye video kuwa ndiyo sababu.

Yaani mtihani haukupunguza upendeleo, bali uliupa ruhusa. Bila ushahidi watu waliona haya kumhukumu mtoto kwa mtaa wake. Walipopata ushahidi wenye sura mbili, haya iliondoka.

Insha ni ushahidi wenye sura mbili kuliko hata video ile. Chukua insha ya kurasa nane kuhusu chanzo cha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwandishi wake huwa anapata alama za katikati, na mwalimu mwingine amemnong'oneza msahihishaji: "Huyo mwangalie, kazi zake si zake." Insha inafunguliwa. Utangulizi umenyooka, sentensi zake zimekaa vizuri, lakini kuanzia ukurasa wa tatu lugha inaanza kuyumba. Msahihishaji anatia alama ya kuuliza pembeni: utangulizi huu kaandika nani? Ukurasa wa nne una tanbihi ya kitabu ambacho hakimo kwenye orodha ya somo. Alama nyingine ya kuuliza. Ukurasa wa tano kuna hoja nzuri kuhusu ratiba za treni, kwamba mipango ya kusafirisha majeshi kwa reli iliwabana viongozi wakashindwa kurudi nyuma. Kaipata wapi? Mwishoni anafungua programu ya kupima ufanano wa maandishi, nayo inasema asilimia 23. Basi, kesi imekwisha.

Sasa mpe insha hiyohiyo mwanafunzi anayependwa. Utangulizi umenyooka kwa sababu ndio sehemu ambayo kila mwandishi huiandika upya mara nyingi, na ukurasa wa tatu umeyumba kwa sababu usiku ulikuwa umekwenda. Kitabu kisichomo kwenye orodha? Kijana anasoma nje ya darasa, apewe vema. Hoja ya treni? Amefikiri. Asilimia 23? Msahihishaji anabofya aone zimetoka wapi, na anakuta ni maneno ya swali lenyewe, nukuu mbili zilizofungwa kwa alama zake, na orodha ya marejeo, ambayo lazima ifanane na za wengine kwa sababu wamesoma vitabu vilevile. Programu hiyo hupima maneno yanayolingana na yaliyomo kwenye hifadhi yake, basi. Wizi haiujui. Lakini angalia nani aliyebofya na nani aliyeishia kwenye namba.

Kuna dalili moja inayonikera kuliko zote, nayo ni makosa. Insha isipokuwa na makosa, msahihishaji mwenye shaka husema imeandikwa na mtu mwingine. Ikiwa na makosa, husema yamepachikwa makusudi ili kuficha. Nimewahi kusikia hoja zote mbili zikitoka kinywani mwa mtu mmoja, kuhusu mwanafunzi mmoja, katika mazungumzo ya kikombe kimoja cha chai. Ukifika mahali ambapo kila kinachoweza kuandikwa kinamtia mwanafunzi hatiani, huisomi tena insha.

Swali linalokosekana ni hili: je, kama mwanafunzi huyu hana hatia, ningeiona dalili hii? Tuseme utangulizi laini kuliko insha nyingine hupatikana katika insha 8 kati ya 10 za udanganyifu. Inasikika kama ushahidi mzito. Lakini tuseme pia hupatikana katika insha 6 kati ya 10 za haki. Katika insha 100, kama 10 ndizo za udanganyifu, dalili hiyo itaonekana katika 8 za udanganyifu na 54 za haki. Ukishika moja yenye dalili, uwezekano kwamba ni ya udanganyifu ni 8 katika 62, karibu asilimia 13. Kabla ya kuiona dalili ulikuwa asilimia 10. Namba hizo nimezibuni kwa ajili ya hesabu tu, lakini hesabu yenyewe ndiyo hiyo, na mwenye shaka huwa ameshika ile 8 tu. Ile 6 hana habari nayo kwa sababu hajawahi kuitafuta.

Kuitafuta si kazi kubwa. Toa kwenye rundo insha tatu nne za wanafunzi usiowashuku, zenye alama zinazokaribiana na hiyo, uzipitie ukitafuta dalili zilezile: utangulizi laini, kitabu cha nje ya orodha, neno zito lililokaa peke yake. Mara nyingi utazikuta. Hapo dalili yako imekufa, na ni heri ife mezani kwako kuliko mbele ya kamati.

Wengi husema dawa ni kujua kwamba una upendeleo na kujitahidi kuwa mwadilifu. Sidhani. Mwaka 2006 Itiel Dror na wenzake walitoa matokeo ya jaribio walilofanya kwa wataalamu watano wa alama za vidole, watu wenye uzoefu wa miaka mingi. Kila mmoja alipewa jozi ya alama ambayo yeye mwenyewe aliwahi kuithibitisha kuwa inalingana, ila sasa aliambiwa ni ile jozi maarufu ambayo FBI, wapelelezi wa Marekani, waliikosea kwa kusema inalingana. Wanne kati ya watano waliuacha uamuzi wao wa zamani. Watatu walisema hazilingani, mmoja akasema hawezi kuamua. Ikiwa mtaalamu wa michirizi ya kidole anaweza kutetereshwa na neno moja aliloambiwa kabla, sioni msahihishaji wa insha ataponea wapi.

Dawa ni mpangilio: nini kijulikane kwanza na nini baadaye. Insha isomwe bila jina, ipewe alama kwa mwongozo wa usahihishaji, maoni yaandikwe, ndipo mambo ya shaka yafunguliwe. Kama tetesi zimekwisha kukufikia, ifikishe insha kwa mtu ambaye hazijamfikia. Na hapa ndipo vyuo vingi huharibu mambo huku vikidhani vimefuata utaratibu. Msahihishaji wa pili hupewa insha ikiwa imejaa alama za kuuliza pembeni, na alama ya wa kwanza imeandikwa juu. Au hupewa insha moja tu, peke yake, na kuambiwa "hebu itupie jicho." Hajaambiwa kitu, lakini ameambiwa kila kitu. Anatakiwa apewe nakala safi, ikiwa katikati ya nyingine tano sita, na aulizwe swali la kawaida la alama.

Kuficha jina nako kuna mpaka wake. Katika darasa dogo mwandiko hujulikana, mada aliyochagua kila mmoja hujulikana, na wengine huwa na neno lao pendwa wanalolirudia kila ukurasa. Hapo mtu wa nje ya somo hilo ni bora kuliko bahasha yoyote.

Yapo mambo ambayo shaka haiyagusi, na tusijifanye hayapo. Ukilaza insha karibu na chanzo chake na aya nzima ikalingana neno kwa neno bila tanbihi, atakayeangalia ataona, awe anampenda mwanafunzi au anamchukia. Ushahidi wa namna hiyo unaweza kumpa mtu asiyejua lolote akakurudishia jibu lilelile. Mtindo "usio wake" hauwezi.

Hata mahojiano ya ana kwa ana, yanayosifiwa kama njia ya kumaliza ubishi, huinama upande wa mwulizaji. Mwenye shaka huuliza yale ambayo mtu hukwama: ukurasa wa ngapi, mwandishi alisemaje hasa, kwa nini ulitumia neno hili. Mwanafunzi aliyeandika mwenyewe wiki tatu zilizopita naye hukwama, tena mikono ikimtetemeka. Maswali yaandikwe kabla hajaingia, na mbele ya kila swali liandikwe jibu litakalomtoa kwenye shaka. Swali lisilo na jibu la kumtoa lifutwe.

Insha yetu ya Vita Kuu, ikipitishwa kwa utaratibu huo, ingebaki na kitu kimoja cha kuulizia: mistari miwili ya ukurasa wa tano, kwenye ile hoja ya treni, iliyofuata maneno ya kitabu kwa karibu mno ilhali tanbihi imewekwa mwisho wa aya badala ya mwisho wa sentensi. Kosa hilo linakatwa alama chache, kama lilivyokatwa kwa wenzake kwenye rundo lilelile.